Kuomba Lifti na Ushahidi wa Kazi kwa Kiingereza Bila Kusikika Kama Unaamuru

Wakulima wa skimu za pwani, kama ile ya Mtwapa iliyo kaskazini ya Kisauni na ile ya Diani iliyo kusini ya Likoni, hawahitaji Kiingereza kila siku. Sokoni Kongowea Kiswahili chatosha, na kwa bwana shamba vilevile. Lakini iko siku ambapo mtu unayetaka akusaidie hajui Kiswahili zaidi ya "jambo", au anakijua lakini barua na ujumbe wa kazi huusoma kwa Kiingereza tu. Siku hiyo mkulima mwenye adabu kamili huonekana hana adabu, wala hajui kwa nini. Somo hili laeleza sababu yake, kisha latazama mambo mawili ambayo watu wetu huomba mara nyingi: lifti ya gari, na mtu wa kuishuhudia kazi yako unapotafuta ajira.

Mkulima akisimama kando ya gari na kusema, "Shikamoo mzee, habari za tangu asubuhi? Naomba unipe lifti mpaka Kongowea," hakuna Mswahili atakayemlaumu. Adabu imekwisha kutangulia. Imo katika shikamoo, imo katika neno mzee, imo katika naomba. Baada ya hayo, kitenzi chenyewe chaweza kuwa kifupi na cha moja kwa moja, "unipe", na hakimuudhi mtu.

Sasa tuyageuze maneno yale neno kwa neno. Shikamoo haina mwenzake katika Kiingereza. Mzee hana mwenzake, maana ukimwita Mwingereza "old man" umemtukana. Naomba, ukiigeuza kuwa "I beg", wasikika kama maskini wa barabarani, kwa kuwa Kiingereza kina neno moja la kuomba msaada na jingine la kuomba sadaka, na sisi hutumia moja kwa yote mawili. Basi msemaji huyaacha yote matatu, na kinachobaki mkononi mwake ni "You give me a lift to Kongowea." Hiyo ni amri tupu. Akiongeza "please" mbele yake bado ni amri, ila ni amri iliyovaa kofia. Mbao za ofisini zasema "Please keep off the grass", na hakuna anayefikiri kuwa mwenye ofisi anamwomba mtu.

Mwingereza huiweka adabu yake mahali pengine. Huiweka ndani ya kitenzi chenyewe, na hufanya hivyo kwa njia mbili. Kwanza, huigeuza amri kuwa swali. Pili, hulisukuma swali hilo mbali kidogo na wakati wa sasa, kana kwamba jambo lenyewe ni la kuwaziwa tu. Ndiyo maana husema "Could you give me a lift?" mahali ambapo sisi twasema "nipe lifti". Neno "could" kwa umbo ni la wakati uliopita, lakini hapa halisemi habari za jana. Lapunguza uzito.

Usidhani jambo hili ni geni kwetu. Kiswahili pia chajua kulainisha kwa njia hiyo, ila hatukilazimishi. Mtu akiingia dukani kwa jirani yake na kusema, "Nilikuwa nataka kukuuliza kama una mbegu," je, aliacha kutaka? La, bado ataka sasa hivi. Amesema nilikuwa ili maneno yasimgonge mwenzake usoni. Na mwingine husema "ningeomba" badala ya "naomba". Hizo nilikuwa na ninge ndizo Kiingereza hutumia kila siku, hata kwa jambo dogo. Ukizishika hizo mbili umeshika nusu ya somo. "Nilikuwa nawaza kama" ni "I was wondering if". "Ningeshukuru kama" ni "I would be grateful if". Anayejua kuomba kwa upole kwa Kiswahili anavyo vyombo vyote tayari. Ni kuchagua tu kile ambacho kwa kawaida hukiacha kabatini.

Kuhusu matamshi, herufi l katika "could" na "would" haitamkwi. Sema kud na wud, kisha kud yu. Katika "wondering" silabi ya kwanza hutamkwa wan, iwe wandaring. Wala usilikaze neno "you" kwa sauti, kwa sababu Mwingereza akilisikia limekazwa hudhani anasutwa: wewe, mbona hunipi?

Sasa tutazame lifti. Tuseme ni msimu wa maembe, nawe uko njia panda ya Mtwapa na magunia mawili. Matatu zimejaa, au makanga hataki mzigo, na maembe yaliyoiva hayangoji kesho. Katika kituo cha petroli yumo mwenyeji wa Kizungu unayemfahamu kwa sura, mwenye pikapu, anajaza mafuta. Watu wengi hukimbilia kuomba mara moja. Lakini kuna hatua moja kabla ya ombi, nayo ina faida kuliko ombi lenyewe. Uliza kwanza gari laenda wapi:

"Good morning. Are you going towards Kongowea, by any chance?"

Swali hili si ombi bado, ila kila mtu aelewa kuwa ombi li nyuma yake. Likijibiwa "No, only to Shanzu," mambo yamekwisha bila mtu kukataa na bila mtu kukataliwa. Likijibiwa "Yes, I am," sasa waweza kuendelea. Na mara nyingi, ikiwa mtu ni mwema, atakutangulia mwenyewe: "Yes, do you want a lift?" Hapo hukuomba kitu, umepewa. Maneno "by any chance" yana maana ya labda kwa bahati, nayo yamwambia kuwa hukumtazamia aende huko kwa ajili yako.

Akisema aenda, omba hivi:

"Could you possibly give me a lift? I have two bags of mangoes with me."

Sentensi ya pili ni ya lazima, nayo isemwe kabla ya mtu kukubali. Kwetu si ajabu mtu kupata nafasi kwanza, kisha akaita kijana alete magunia, na mwenye gari akacheka. Mzungu hacheki. Amekubali kumchukua mtu mmoja, sasa aona amekubalishwa kuchukua mtu na shehena, na hufikiri ametegwa. Siku nyingine atajifanya hakukuona. Taja mzigo wako, taja na mwenzako kama yupo, kisha umwache apime.

Tahadhari na neno "lift" lenyewe. Kwa Kiswahili cha mjini watu husema "nilifti mpaka pale". Ukisema "lift me to Kongowea", Mwingereza atasikia kuwa wataka akunyanyue kwa mikono. Sema daima "give me a lift". Mmarekani husema "a ride" badala ya "a lift", lakini akisikia "lift" ataelewa. Ukifika, usiseme "throw me here" kwa kuwa sisi husema "nitupe hapa". Sema "Could you drop me at the junction, please?" au, kwa wepesi, "Just here is fine, thank you."

Wapo wageni wengi wa pwani hii ambao si Waingereza. Ni Wajerumani, Waitaliano, Waswisi, na Kiingereza chao ni cha kujifunza kama chako. Kwa hao usifunge mafundo marefu. "Could you give me a lift, please?" yatosha, tena huenda wakaipenda zaidi kwa kuwa wameielewa.

Iko sentensi nyingine ya kuombea ambayo ni nzuri lakini ina mtego, na mtego huu umewapotezea watu lifti nyingi. Ni ile ya "Would you mind giving me a lift?" Maana yake si "je, utanipa lifti?" bali ni "je, utaona tabu kunipa lifti?" Kwa hiyo anayekubali hujibu "No", yaani la, sioni tabu. Mkulima aliyezoea kuwa "no" ni kukataliwa hushukuru kwa huzuni, akageuka na kwenda zake, na mwenye gari akabaki mlango wazi, akishangaa. Sikiliza maneno yanayofuata "no". Ikiwa ni "No, not at all" au "No, hop in", panda. Na wewe ukiulizwa na mtu "Would you mind moving your bags?", ukijibu "Yes" kwa moyo mwema, umemwambia kuwa waona tabu kuyasogeza. Kama hujazoea, acha sentensi hii, utumie "Could you", ambayo "yes" yake ni ndiyo na "no" yake ni la.

Kukataliwa nako kwa Kiingereza kuna maneno yake. Ni nadra mtu kusema "no" peke yake. Husema "I'm afraid I'm not going that way." Neno "afraid" hapa si kuogopa. Ni samahani. Ukilisikia mwanzoni mwa jibu, jua kwamba ombi limekataliwa, hata kama maneno yanayofuata ni matamu. Sisi pwani twaelewa mambo haya, maana mtu akikwambia "inshallah, tutaona" kwa sauti fulani, wajua kuwa usimngoje. Jibu lako liwe fupi: "That's all right, thank you anyway." Usianze kueleza upya jinsi maembe yanavyooza. Ombi la pili juu ya "I'm afraid" ndilo hasa liitwalo kusumbua, na mtu aliyeombwa mara mbili leo atakukimbia kesho.

Sasa tuje kwenye jambo kubwa zaidi. Lifti hudumu nusu saa. Kumwomba mtu akushuhudie kazini ni kumwomba aweke jina lake juu yako, atumie saa yake akiandika, na pengine apigiwe simu na mtu asiyemjua. Wataalamu wawili wa lugha, Penelope Brown na Stephen Levinson, waliandika mwaka 1978 kwamba mwombaji hupima vitu vitatu: ukubwa wa jambo analoliomba, umbali wa ujuano wake na anayeombwa, na cheo cha huyo mtu juu yake. Vikizidi, maneno nayo huongezwa. Mkulima hahitaji kusoma kitabu chao kujua hayo, lakini kipimo hicho chafaa kukumbukwa, kwa sababu mtu hukosea pande zote mbili. Kumwambia jirani "I was wondering if you would be willing to pass me that sack" ni kama kumdhihaki. Kumwambia meneja "Can you write me a letter" ni kama kumwita mtumishi.

Kwanza tulielewe neno. Fomu za kazi hapa Kenya mara nyingi hutaka majina ya "referees", wawili au watatu. Si marefa wa mpira. Ni watu wanaokujua kikazi, ambao mwajiri aweza kuwauliza habari zako. Hicho ni kitu kimoja, na barua ya sifa ambayo mtu hukuandikia mkononi ni kitu kingine. Ya kwanza ni ombi dogo kidogo, ya pili ni kubwa. Soma fomu yako, ujue waihitaji ipi, kabla hujamwomba mtu jambo zito lisilohitajika. Wala usiandike jina na namba ya simu ya mtu bila ya kumuuliza. Akipigiwa simu ghafla na kuulizwa habari zako, atasita kujibu, na kule kusita kwake aliye upande wa pili atakusikia.

Hebu tuchukue mfano, tuufuate mpaka mwisho. Msichana wa skimu, aliyemaliza masomo ya kilimo, alifanya mazoezi ya miezi mitatu katika kitalu cha miche ya miembe karibu na Mtwapa. Meneja wa kitalu ni mwanamke wa Kiingereza. Sasa kuna kazi ya kutunza miche katika shamba jingine, na fomu yataka mashahidi wawili wa kazi. Baba yake amjua meneja, maana aliwahi kununua miche kwake.

Jambo la kwanza ambalo familia itafikiri ni baba aende kusema. Kwetu ndiyo heshima. Jambo kubwa hupelekwa na mkubwa, kama posa. Katika desturi ya kazi ya Kiingereza ni kinyume. Baba akienda kumwombea binti, meneja atajiuliza kwa nini msichana hasemi mwenyewe, na kama atakuwa hivyo hivyo akiwa kazini. Zaidi ya hayo ataona kuwa analazimishwa, kwa sababu ni vigumu kumkatalia mzee wa watu aliyesimama mlangoni kwako. Basi mwache msichana aandike mwenyewe. Baba akikutana na meneja, amwamkie tu, barua asiitaje.

Msichana akachukua simu, akaandika hivi:

"Hello madam. I want you to write for me a recommendation. The form is closing on Friday so kindly send it by tomorrow. Thanks in advance."

Hakutaka kuamuru. Kichwani mwake alikuwa akisema "Hujambo mama, nataka uniandikie barua, tafadhali, na nashukuru mapema." Tutazame yaliyotokea njiani. "I want you to" ni maneno ambayo bosi humwambia mfanyakazi, wala hayalainishwi na kitu chochote kinachofuata. "By tomorrow" yapanga saa za mtu mwingine. "Kindly" ni neno ambalo Wakenya hutumiana kila siku katika kazi, na kwa ofisa Mkenya halina kasoro. Lakini kwa mtu aliyezaliwa Uingereza lasikika kama barua ya kudai deni. "Thanks in advance" ndiyo inayodanganya kuliko yote, maana kwetu kushukuru mapema ni adabu. Kwa Mwingereza wengi huisikia kama mlango unaofungwa: nimekwisha kukushukuru, basi huwezi tena kukataa. Na kasoro kubwa si neno hata moja. Ni kwamba hakujitaja. Kitalu hupokea vijana wengi kila mwaka, na meneja anaangalia namba ngeni isiyo na jina.

Ujumbe kama huo kwa kawaida haujibiwi kwa hasira. Haujibiwi kabisa. Hiyo ndiyo dalili ya kukujulisha kuwa ombi limesikika vibaya: kimya. Ijumaa hufika, fomu hufungwa, na nyumbani watu husema meneja ana maringo.

Tuuandike upya. Msichana ajitaje kwanza, na aseme alikuwa kitaluni lini. Kisha aseme habari ya kazi kwa sentensi moja, halafu ombi, halafu siku ya mwisho, halafu amwachie mlango wazi:

"Dear Mrs ......,

I hope you are well. This is ......, who worked in the mango nursery with you from January to March last year.

I am applying for a job as a nursery attendant, and the form asks for two referees. I was wondering if you would be willing to be one of them. I do not need a letter. They would only telephone or write to you.

The form has to be in by the 28th. I quite understand if you are too busy, or if you feel you do not know my work well enough.

With many thanks for all I learned from you,
......"

Kwenye nukta mtu atie majina. Tazama yaliyomo. Ombi lenyewe, "I was wondering if you would be willing", ni ile nilikuwa na ile ninge zikiwa pamoja katika sentensi moja, kwa sababu jambo ni kubwa na meneja ni wa juu. Neno ni "willing", yaani kama uko radhi, si "able", yaani kama waweza. Kuandika mistari michache kila mtu aweza. Swali ni kama ataka. Siku ya mwisho imetajwa kama habari ya fomu, si kama amri kwake. Ombi nalo limepunguzwa kwa ukweli, kwamba barua haihitajiki. Na shukrani ya mwisho ni ya jambo lililokwisha kutendeka, si ya jambo linalongojewa.

Sentensi ya "I quite understand if" ndiyo ambayo wakulima wetu huogopa kuiandika. Husema, kwa nini nimfundishe kukataa? Lakini sentensi hii yafanya kazi mbili. Humwondolea mtu hisia ya kushikwa shingo, na aliyeachiwa mkono hukubali kwa wepesi zaidi. Na pili, humpa asiyekufahamu vizuri njia ya heshima ya kujitoa. Mtu akijibu "I don't feel I know your work well enough," usimbembeleze. Kwa Kiingereza huo ni ukataaji wa upole, na pengine amekuokoa, kwa sababu shahidi asiye na moyo akiulizwa habari zako hujibu maneno mawili baridi, na mwajiri mzoefu huyasoma maneno hayo mawili kuliko barua ndefu.

Kuhusu muda, wiki mbili ndiyo haki. Ukiwa umepata habari za kazi siku nne tu kabla ya mwisho, sema hivyo wazi: "I am sorry this is such short notice, I only heard of the job yesterday." Yasamehewa ikiwa ni kweli na ikiwa ni mara moja.

Meneja akikubali, mpelekee siku hiyo hiyo mambo atakayoyahitaji akiulizwa: jina la shamba linaloajiri, kazi yenyewe, tarehe ulizokuwa kwake, na ulichofanya. Andika mambo yanayoshikika. Kama ulibebesha miche ya miembe, au ulitunza kitabu cha mauzo, taja hivyo. Watu wenye shughuli nyingi husahau, na hushukuru kukumbushwa maadamu hukumwandikia la kusema.

Wiki ikipita bila jibu, kukumbusha si kosa, ila kufanywe mara moja, na kwa maneno haya au yaliyo jirani nayo:

"I hope you don't mind my asking again. I just wanted to check whether my message reached you."

Sentensi hii huutupia simu mzigo. Labda ujumbe haukufika. Mtu aliyesahau hupata nafasi ya kujibu bila haya. Usiandike "You have not answered me," hata kama ni kweli, wala usipige simu usiku baada ya kuandika mchana. Ikipita siku tatu nyingine na kimya, mtafute shahidi mwingine. Mwalimu mkuu, msimamizi wa chama cha ushirika, au bwana shamba anayekuja skimuni hufaa vizuri, na kwa hao huenda Kiswahili kikatosha.

Na majibu ya kazi yakija, mwandikie tena. Watu wengi hawafanyi hivyo, kisha mwaka unaofuata huomba upya, na meneja hukumbuka kuwa hakusikia neno. Mistari miwili yatosha. Ukiipata: "I wanted to let you know that I got the job. Thank you very much for your help." Ukiikosa: "I did not get the job this time, but thank you very much for your help." Yale maneno "this time", yaani mara hii, yaache yamo ndani.